Barua Niliyomwandikia Mwana wa Kaka

Mliniacha wiki iliyopita kwenye benchi la kanisa, Jumapili ya watoto, uso umenishuka.

Kwa mgeni aliyeingia leo: naitwa Kalolaine. Nina miaka arobaini na saba na watoto wanne, na ni msaidizi katika chekechea ya kanisa letu hapa Nukuʻalofa, mji mkuu wa visiwa vyetu. Chekechea imetangaza kwamba ikifika Januari asiye na cheti atafungasha virago. Ndiyo maana kila Jumanne na Alhamisi jioni nakaa darasani na vijana wa umri wa wanangu, nasomea malezi ya watoto wadogo.

Mmenivumilia kwa mengi. Paa langu lililochukuliwa na kimbunga, mlilisikia. Mume wangu Maʻafu aliyekwenda Australia kuchuma matunda akarudi na mgongo uliokwisha, mlimlilia pamoja nami. Hayo yaliniangukia. Hili la sasa nililitenda kwa mkono wangu mwenyewe.

Niliwaambia: siku ya Alhamisi, katika jaribio la kwenye mtandao wa chuo tulilofanyia nyumbani badala ya kuingia darasani, nilitafuta majibu kwa simu. Na Jumapili, katoto ka miaka sita nilikokafundisha mwenyewe aya yake kaliisahau katikati. Bibi yake akamnong'oneza. Mtoto akatikisa kichwa, akaliambia kanisa zima, "Nilichoshika kimeishia hapa," akaketi.

Watu walicheka kwa upendo. Mimi sikucheka.

Jumatatu nilipotoka kazini sikuvua hata viatu. Nikamwita binti yangu Telesia, ambaye vidole vyake hukimbia kwenye simu kama kuku kwenye mchele.

"Kaa hapa. Nataka kumwandikia mhadhiri."

"Kumwambia nini?"

"Kwamba niliiba majibu."

Telesia akaacha kutafuna muhogo. "Mama, amekukamata?"

"Hapana."

"Kuna aliyekuona?"

"Mungu."

"Mungu hafundishi somo hilo, Mama! Umepata tisa kati ya kumi. Acha wafu wazike wafu wao."

"Andika."

"Haya. Naandika, 'Mheshimiwa Mhadhiri'..."

"Futa. Andika, 'Mpendwa Penisimani, mwana wa kaka yangu.'"

Hapo ndipo alipoiweka simu chini.

Lazima niwaeleze Penisimani ni nani. Babu yake na baba yangu walizaliwa tumbo moja. Kwa hiyo baba yake ni kaka yangu, na yeye, hata akiwa na shahada mbili na tai shingoni, ni mwana wa kaka yangu, na mimi ni shangazi yake. Siku alipooa, mkeka bora kuliko yote uliwekwa mbele yangu. Siku atakapozikwa mtu wa nyumba ile, nitakaa mimi upande wa kichwa.

Darasani tulikuwa tumepatana kwa macho tu, bila kusemezana. Mimi nakaa safu ya nyuma. Yeye ananiita "Bi Kalolaine" kama wengine, na akigawa karatasi ya kwangu huniwekea mezani huku ameinama kidogo. Hakuna aliyeona ajabu. Nusu ya darasa ni jamaa zake.

"Mama," Telesia alisema, "mambo ya chuo yaandike kichuo. Undugu uache nje ya geti."

"Naungama uongo, Telesia. Nikificha undugu wangu ndani ya barua ya toba, si nimesema uongo wa pili? Asije mtu akasema nilijificha."

"Hujajificha. Umekaa kimya tu."

"Alhamisi pia nilikaa kimya tu. Andika."

Akaandika. Nawapeni barua yote kama ilivyokwenda, maana neno baada ya neno imekuja kusomwa na watu ambao sikuwaandikia.

*Mpendwa Penisimani, mwana wa kaka yangu, na mhadhiri wangu,*

*Nakusalimu katika jina la Bwana. Nakuandikia nikiwa na aibu.*

*Alhamisi saa moja kasorobo jioni nilifungua jaribio la tatu. Sheria niliisoma: maswali kumi, dakika ishirini, bila kitabu, bila simu, bila mtu. Niliweka alama ya tiki kwamba naikubali. Kisha nikaivunja.*

*Swali la nne, kuhusu watoto wawili wanaocheza kando kwa kando bila kushirikiana, nilisahau jina la mchezo huo. Niliandika swali lenyewe kwenye simu ya binti yangu na jibu likaja. Swali la saba, mtoto huanza miezi mingapi kujua kwamba kitu kilichofunikwa bado kipo, nilitafuta vilevile. Na la tisa, la kushika kitu kwa ncha za vidole, nilikuwa nalijua, lakini nilishakuwa na hofu, nikatafuta ili nihakikishe. Saba mengine ni yangu, na moja kati ya hayo nilikosa.*

*Sikuambiwa na mtu. Sikumpa mtu. Binti yangu hakujua simu naitumia kwa nini.*

*Sina sababu ya kujitetea. Nimelea watoto wanne na nimewafunika uso kwa kanga na kuwafunua hadi wakacheka, lakini sikuwahi kuhesabu ni mwezi wa ngapi. Niliogopa kushindwa na kitu ambacho mikono yangu inakijua.*

*Naomba alama zile tisa zifutwe. Naomba, kama inawezekana, nirudie jaribio kwa maswali mengine, katika chumba cha chuo, mbele ya macho ya mtu. Kama haiwezekani, nitapokea sifuri.*

*Nisamehe kwa kukuvunjia heshima. Nakuombea wewe na mkeo na mtoto mnayemtarajia.*

*Ni mimi, shangazi yako, Kalolaine.*

Telesia aliisoma mara mbili. "Ni nzuri," akasema kwa sauti ya chini. "Mwisho tu ndio mzito."

"Mficha uchi hazai. Itume."

Ikatoka kwenye anwani yangu ya chuo, kama kitabu cha wanafunzi kinavyoagiza. Nikapiga magoti pale pale jikoni nikamshukuru Mungu, maana mzigo ulikuwa umeniondoka kifuani. Sikujua kwamba haukuwa umeanguka chini. Ulikuwa umehamia kichwani kwa mtu mwingine.

Jumanne jioni niliingia darasani mapema. Penisimani alikuwa akifuta ubao. Hakugeuka.

"Malo e lelei, Bi Kalolaine."

"Malo e lelei, mwalimu."

"Darasa likiisha, pita chumba cha kompyuta. Ingia kwenye akaunti yako." Akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa safi.

Nilipoingia niliona kwa macho yangu. Chini ya jaribio la tatu, ambapo wenzangu wote wameandikiwa *limefungwa*, mimi nimeandikiwa: *Jaribio la pili kati ya mawili. Liko wazi hadi saa mbili usiku.*

Moyo ukapasuka kwa furaha. Nikaomba kimoyomoyo, nikabonyeza.

Maswali yalikuwa mengine, maana mtambo huchota kumi kutoka hazina ya maswali sitini, na kila mtu huchotewa ya kwake. Penisimani alikaa mlangoni, kiti kimeelekea nje, kama mtu anayelinda usingizi wa mgonjwa. Simu yangu nilikuwa nimempa aishike. Saa ya kwenye kioo ikawa inahesabu kushuka. Lile la mtoto anayeogopa wageni nilibahatisha. Lile la kutambaa nilijua kabisa.

Sita kati ya kumi.

Sita ya halali! Nilitaka kumkumbatia, lakini kwetu mtu na mwana wa kaka yake hawakumbatiani ovyo. Nikasema tu, "Mungu akulipe."

Akanirudishia simu kwa mikono miwili. "Nenda nyumbani salama," akasema. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyemeza kitu kikavu.

Wapendwa, pale ndipo nilipopaswa kujiuliza. Sikujiuliza.

Badala yake Jumatano nikaenda kwenye kikundi cha maombi cha akina mama, na ulipofika wakati wa ushuhuda nikasimama. Nikaeleza yote, dhambi, barua, jaribio la pili, sita yangu. Akina mama wakalia, wakaimba. Aliyelia kuliko wote ni Siutiti, ambaye tunasoma naye darasa moja. Siutiti ni mcheshi, mwili mkubwa, moyo mkubwa zaidi.

"Dada Kalo!" aliniambia nje, akijifuta kamasi. "Umenigusa. Umenigusa mpaka mfupani."

"Utukufu kwa Mungu."

"Na mimi Alhamisi ile nilipata nne."

"Pole, mwenzangu."

"Nne, dada! Na sikuiba. Ningejua ningeiba, nikatubu, nikarudia!"

Tukacheka wote wawili. Nilidhani ni mzaha.

Alhamisi asubuhi Siutiti alikwenda ofisi ya chuo, akaegemea dirisha la mapokezi, akamwambia karani, "Na mimi naomba lile la pili. Mwenzangu kapewa."

Hakuwa na ubaya wowote. Aliomba kama mtu anavyoomba kuongezewa tui kwenye sahani. Lakini karani aliangalia kwenye mtambo, akaona, akanyanyuka na kwenda kwa mkuu wa idara.

Ijumaa nikapata ujumbe: *Bi Kalolaine, tafadhali fika ofisini kwangu leo saa tisa alasiri. Heather.*

Bi Heather ni mama wa Nyuzilandi, mwembamba, ana miaka minne hapa. Si mtu mbaya. Nasema hivi mapema, maana najua nyie wasomaji wangu mkishasikia mgeni ofisini mnatafuta mawe.

Nilifunga mkeka wangu wa kiunoni, vazi letu la heshima mbele ya wakubwa, nikaenda. Mezani kwake palikuwa na barua yangu, imechapwa. Maneno mawili kabla ya jina langu yamezungushiwa wino: *shangazi yako*.

"Kaa, Bi Kalolaine. Kwanza nikuondoe hofu. Kosa lako ni dogo."

"Si dogo, mama. Niliiba."

"Kwa kanuni zetu ni dogo. Ni la kwanza, na umelikiri kabla hujagunduliwa. Mtambo haukuiona simu yako. Ulichoonyesha ni kwamba swali la nne ulikaa nalo dakika tatu na nusu, na watu hukaa tu na maswali. Bila barua hii hakuna ambaye angejua." Akaigonga barua kwa kidole, polepole. "Kamati ya uadilifu ingekupa onyo la maandishi, ingefuta zile tisa, ingekuruhusu kurudia chini ya usimamizi. Alama ya juu kabisa ingekuwa tano, hata ukipata kumi. Basi. Mwezi ujao ungekwishasahau."

"Nimekwisha kurudia, mama. Jumanne. Nilipata sita."

"Najua," akasema. "Hilo ndilo tatizo."

Akanigeuzia kioo cha kompyuta yake. Mstari mmoja mrefu wa maandishi madogo. Akanisomea: Jumanne, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi, P. Fifita, ndiye Penisimani, ameongeza ruhusa ya pekee. Mwanafunzi: mmoja. Idadi ya majaribio: kutoka moja kuwa mawili.

"Mhadhiri akipokea barua kama yako hana mamlaka ya kuijibu ndiyo wala hapana," Bi Heather alieleza. "Kazi yake ni moja tu. Anapaswa kuileta kwangu ndani ya siku mbili za kazi, naipeleka kwenye kamati, na kamati ndiyo inaamua. Penisimani anaijua kanuni hiyo. Alisaidia kuiandika. Barua yako ilimfikia Jumatatu saa kumi na nusu. Hadi jana nilipomwita, hakuwa ameileta."

"Labda alisahau."

"Alikumbuka kukufungulia jaribio, Bi Kalolaine."

Akafungua faili.

"Tena, mwanzo wa muhula kila mhadhiri hujaza fomu. Je, una ndugu wa karibu darasani? Aliandika, hakuna."

"Fomu inauliza ndugu gani?"

"Mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto, ndugu wa tumbo moja."

"Basi hakusema uongo! Kwa fomu yenu mimi si chochote. Mimi ni binamu wa baba yake."

"Ndivyo alivyoniambia. Akasema angewaorodhesha jamaa wote, darasa zima lingehamia kwenye fomu." Bi Heather nusura atabasamu, akajizuia. "Lakini barua haisemi binamu wa baba. Inasema shangazi. Nimekaa hapa miaka minne, nimehudhuria harusi na misiba. Nimeona shangazi anakaa wapi. Nimeona mtu mzima, mkubwa wa serikali, akimvulia shangazi yake saa ya mkononi kwa sababu alisema tu ni nzuri."

Nilihisi jasho likinitiririka chini ya mkeka.

Wasomaji wangu, nyie mnaojua mambo ya shangazi mtanielewa. Kwetu shangazi hatoi amri, kwa sababu hana haja nayo. Shangazi akisema "naomba", mtoto wa kaka husikia "lete". Akisema "kama inawezekana", nyumba nzima huanza kutafuta njia ya kuiwezesha. Nilikuwa nimeandika barua kwa magoti, na yeye alikuwa ameipokea kwa magoti. Na kati yetu wawili tuliopiga magoti, kanuni ya chuo ilikosa pa kusimama.

"Mama," nikasema, "zifute alama zote. Nipe sifuri. Nifukuze. Mwache kijana. Mkewe anajifungua mwezi ujao."

"Sijakuita nikufukuze. Nimekuita unijibu swali moja." Akasogeza karatasi mbele yangu. Ilikuwa fomu ya maelezo ya mwanafunzi, jina langu juu, mistari mitupu chini. "Kamati inakaa Jumatatu. Penisimani bado yuko kwenye mwaka wa majaribio ya ajira. Wataniuliza kitu kimoja tu, na mimi nitakuuliza wewe. Ulipoandika barua hii, ulijua kwamba asingeweza kukukatalia?"

"Na nikisema nilijua?"

Akavua miwani. "Basi utakuwa umemshinikiza mfanyakazi wa chuo. Hilo si dogo. Utaondolewa kwenye kozi, na mwakani hutasajiliwa. Yeye atapata onyo, atabaki kazini."

"Na nikisema sikujua?"

"Basi alitenda kwa hiari yake, alimpendelea jamaa yake na kuificha barua. Mkataba wake utaisha mwezi huu."

Nilijua? Ndugu zangu, nilijiuliza swali hilo pale kitini mpaka kichwa kikaniuma. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba ana pua. Hukai ukafikiri kuhusu pua yako. Lakini akija mtu akakuuliza, "Ulikuwa nayo siku ile?" utasemaje?

Sikulitumia hilo. Naapa mbele za Mungu, sikulitumia. Lakini neno niliandika, na Telesia alisema ni zito, na mimi nikasema itume.

"Naweza kuomba kwanza?" nikauliza.

"Omba."

Niliinamisha kichwa. Nimeomba maisha yangu yote na maneno hayajawahi kunipungukia. Siku ile nilisema, "Bwana," kisha nikakaa nalo hilo hilo moja, kama mtu aliyegonga mlango na kusahau alichofuata.

Mlango uliogongwa kweli ulikuwa wa ofisi.

Aliingia Penisimani. Naye alikuwa amefunga mkeka wa kiunoni juu ya suruali ya kazi. Palikuwa na kiti kitupu kando yangu. Hakukikalia. Akaketi sakafuni, miguu ameikunja, kichwa chake chini ya goti langu, mbele ya mkuu wake wa kazi.

"Penisimani, tafadhali, kaa kitini," Bi Heather alisema.

"Niko sawa hapa, Bi Heather."

"Hivi ndivyo ninavyomaanisha," mama yule akasema, kwa uchovu zaidi kuliko hasira. Akatoa karatasi nyingine kwenye faili. "Bi Kalolaine, ni haki ujue. Ameshaandika maelezo yake leo asubuhi. Yana mistari miwili. *Nilifungua jaribio kwa hiari yangu. Hakuna aliyenishurutisha.* Ametia sahihi."

Nikamgeukia. "Umeandika nini, we mtoto?"

"Nimeandika yaliyotokea, Shangazi."

"Na mkeo?"

"Mke wangu anajua kupika muhogo. Hatutakufa."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi mzaha." Alikuwa anaangalia miguu ya meza. "Shangazi, sijawahi kukuomba kitu tangu nizaliwe. Leo nakuomba. Andika kwamba hukujua. Chukua cheti chako, urudi kwa watoto wako wa chekechea. Mimi nina shahada mbili, nitapata pengine. Wewe utapata wapi?"

Mnaona nilivyofungwa? Nikiandika "sikujua," naipata Januari yangu, na kijana anapoteza kazi kwa kosa nililolianzisha mimi. Nami nimesema uongo kwenye karatasi ya toba yenyewe. Nikiandika "nilijua," nasema jambo ambalo hata mimi sina hakika kwamba ni kweli, napoteza kila kitu, na zaidi ya yote namfanya yeye mwongo, kwa kuwa amekwisha kutia sahihi kwamba hakuna aliyemshurutisha.

Nilianza na swali la nne, la watoto wawili wanaocheza kando kwa kando. Sasa tazama mahali nilipofika.

"Ofisi inafungwa saa kumi na nusu," Bi Heather alisema kwa upole. Akanisogezea kalamu. "Sitaki uandike ya kumsaidia, wala ya kujisaidia. Andika iliyo kweli."

Iliyo kweli. Kama ingekuwa imewekwa mahali, ningeifuata kwa miguu.

Basi nikaona nimuulize yeye. Nani mwingine angejua? Nilishika kalamu, nikainama, nikasema na mwana wa kaka yangu kwa lugha yetu, ile ya nyumbani, ambayo Bi Heather kwa miaka yake minne amejifunza kusalimia nayo tu.

"Penisimani. Nitazame."

Hakunitazama. Haruhusiwi kunikazia macho, nami nililisahau hilo kwa uchungu.

"Basi usinitazame. Nijibu tu. Jumatatu ile ulipoisoma barua yangu, ungeweza kunikatalia?"

Feni ya juu ikawa inazunguka. Nje wanafunzi wa mchana walikuwa wakicheka kuhusu mpira.

Nikaona mabega yake yakishuka. Kijana wa miaka thelathini na moja, baba mtarajiwa, aliyenisimamia mlangoni nikihesabu dakika zangu ishirini. Chozi moja lilidondoka juu ya mkeka wake.

"Shangazi," akasema. "Nilikaa nayo usiku mzima. Niliandika barua ya kukukatalia mara tatu. Mkono ulikataa. Usiniulize tena hilo, tafadhali."

Nikafumba macho.

Bi Heather alikuwa ameinua kichwa. Aliyaona machozi. Alimtazama yeye pale sakafuni, akanitazama mimi kitini, akaitazama ile mistari miwili yenye sahihi. Kisha akachukua kalamu yake mwenyewe.

"Bi Kalolaine," akasema. "Wewe ndiye uliyesema ukweli bila kuulizwa, kwa hiyo nakuuliza wewe na nitaandika utakalosema, kama lilivyo."

Penisimani akanishika pindo la mkeka.

"Amesema nini?" Bi Heather akauliza.